Kugeuza usemi wa hesabu kuwa mti: njia tatu za uchanganuzi na namna ya kuchagua

Usemi kama `20 - 6 - 2 * 3` unapoingia kwenye programu, kompyuta haioni hesabu bali herufi zilizofuatana katika mstari mmoja. Hatua ya kwanza ni kuzikata herufi hizo ziwe tokeni, yaani vipande vyenye maana, na hapa zinapatikana tokeni saba: namba nne na alama tatu. Hatua ya pili, ambayo ndiyo uchanganuzi wenyewe, ni kuamua kila alama inashika namba zipi, kisha kuuandika uamuzi huo katika umbo la mti.

```
        -
      /   \
     -     *
    / \   / \
  20   6 2   3
```

Mti huu ukishapatikana, kazi iliyobaki ni nyepesi. Programu inaanzia chini, inapata 14 upande wa kushoto na 6 upande wa kulia, kisha inatoa na kupata 8. Haihitaji tena kujua kwamba kuzidisha hutangulia kutoa, kwa kuwa elimu hiyo imekwisha kuingia katika umbo la mti. Hata mabano hayana nafasi humo, kwani kazi yake ilikuwa kuelekeza umbo tu, na umbo limeshapatikana.

Nimeuchagua usemi huo kwa makusudi, kwa sababu makosa mawili ya kawaida ya uchanganuzi huupa majibu mawili tofauti, na yote mawili si sahihi. Programu isiyojua kipaumbele, inayokwenda tu kutoka kushoto hadi kulia, itatoa 36. Programu inayojua kipaumbele lakini inazifunga alama za kutoa kuanzia kulia itasoma `20 - (6 - 2 * 3)` na kutoa 20. Kikokotoo cha kwanza nilichokiandika mimi kilikuwa na kosa hili la pili, na nilikaa nacho wiki kadhaa bila kuligundua, kwa sababu majaribio yangu yote yalikuwa ya kujumlisha, na kujumlisha hutoa jibu lile lile hata mti ukiinamia upande usio wake.

Anayetaka kuandika kichanganuzi kwa mkono ana njia tatu zinazotumika sana: mteremko wa fanksheni zinazoitana, marundo mawili ya Dijkstra, na nguvu za kushika za Pratt. Zikiandikwa vizuri, zote tatu zinatoa mti ule ule. Tofauti iko mahali zinapoziweka sheria za kipaumbele, na mahali hapo ndipo panapoamua ni makosa gani utakayoyafanya na utayaona kwa urahisi kiasi gani.

## Vigezo vya kulinganisha

Nitaipima kila njia kwa mambo manne. La kwanza ni mahali sheria za kipaumbele zinapokaa, na gharama ya kuongeza alama mpya. La pili ni alama ya hasi na alama ya kipeo, kwa kuwa hizo mbili ndizo zinazovuruga vichanganuzi vingi. Kistari kimoja kinaweza kuwa cha kutoa, kama katika `5 - 2`, au cha hasi, kama katika `-2`. Na kipeo hufungwa kuanzia kulia, hivyo `2 ^ 3 ^ 2` ni 512, si 64. La tatu ni namna njia inavyopokea maandishi yenye kosa. La nne ni kina, yaani nini hutokea mabano yanapoingia ndani ya mabano mara mamia.

## Mteremko wa fanksheni

*Sheria zinapokaa.* Katika njia hii kila ngazi ya kipaumbele ina fanksheni yake. Ya juu ni `jumla`, inayoshughulikia kujumlisha na kutoa. Hiyo humwita `zao`, ambaye humwita `hasi`, naye humwita `kipeo`, na mwisho kabisa yupo `kiini`, anayesoma namba moja au kufungua mabano. Akikuta mabano, `kiini` huanza tena safari kutoka `jumla`.

```
def jumla():
    kushoto = zao()
    while sasa() in ("+", "-"):
        alama = soma()
        kushoto = (alama, kushoto, zao())
    return kushoto
```

Hapa `sasa` huchungulia tokeni inayofuata bila kuichukua, na `soma` huichukua. Katika usemi wetu, `zao` ya kwanza inarudi na 20. Kitanzi kinaona alama ya kutoa, kinaita `zao` na kupata 6, kinajenga tawi la 20 na 6, kisha tawi hilo zima linakuwa upande wa kushoto wa alama ya kutoa inayofuata. Safari hii `zao` inaona 2, inaona alama ya kuzidisha, haiiachii, na inarudi na tawi zima la 2 na 3. Kipaumbele hakijaandikwa popote kama namba. Kimo katika ukweli kwamba `jumla` inamwita `zao`.

Kitanzi hicho ndicho kinachouinamisha mti kushoto inavyotakiwa. Ukiweka `jumla()` mahali pa `zao()` ya pili, unapata 20 badala ya 8, na hilo ndilo kosa nililokuwa nalo. Lipo kosa jingine, la mtu anayefuata sarufi, yaani kanuni zinazosema usemi unaundwaje, neno kwa neno: sarufi ikisema kwamba jumla ni jumla ikifuatiwa na kutoa kisha zao, naye akaanza fanksheni `jumla` kwa kuita `jumla`, fanksheni itajiita bila kusoma tokeni hata moja mpaka lugha yenyewe iisimamishe. Hili angalau linapiga kelele siku ya kwanza.

Kuongeza alama kwenye ngazi iliyopo ni kubadilisha mstari mmoja, lakini ngazi mpya inadai fanksheni mpya na kuziunganisha upya zile za jirani. Kwa ngazi tano hilo halisumbui. Lugha ya C ina ngazi zipatazo 15, na hapo namba moja iliyosimama peke yake hulazimika kupita katika ngazi zote kabla ya kutambuliwa kuwa ni namba.

*Hasi na kipeo.* Njia hii inayapokea vizuri sana. Fanksheni `hasi` ikiona kistari, inakichukua na kujiita. Isipokiona, inamwita `kipeo`. Naye `kipeo` akiona `^`, upande wa kulia humwita `hasi`. Kwa mpango huo `-2 ^ 2` inakuwa hasi ya 4, yaani -4, na `2 ^ -1` inakubalika na kutoa 0.5. Lugha ya Python imepanga kipeo chake hivyo hivyo.

*Makosa.* Kila fanksheni inajua ilikuwa inatafuta nini, kwa hiyo ujumbe wa kosa unaweza kusema waziwazi: palitarajiwa namba au mabano ya kufungua, pakakutwa alama ya kuzidisha katika nafasi ya tano. Tahadhari ni moja. `jumla` inaposhindwa kuendelea hurudi kimya kimya, na `2 + 3 ) * 4` itatoa 5 kana kwamba hakuna tatizo, usipohakikisha mwishoni kwamba tokeni zote zimekwisha.

*Kina.* Kila jozi ya mabano inapita fanksheni tano. Python kwa kawaida huruhusu miito 1000 iliyofuatana ndani kwa ndani, kwa hiyo mabano yaliyozamiana yakikaribia 200 programu husimama. Hakuna binadamu anayeandika usemi wa namna hiyo, lakini programu nyingine huweza kuuzalisha, na mtu mwenye nia mbaya huweza kuutuma.

Njia hii inamfaa anayejifunza, kwa kuwa msimbo unasomeka kama sarufi yenyewe, na inamfaa pia anayejenga lugha yenye mambo mengi zaidi ya hesabu.

## Marundo mawili ya Dijkstra

*Sheria zinapokaa.* Edsger Dijkstra aliieleza njia hii mwaka 1961, akiifananisha na uwanja wa reli ambamo mabehewa huingizwa kwenye njia ya pembeni, yakasubiri, kisha yakatolewa kwa mpangilio mpya. Hapa hakuna fanksheni zinazoitana. Kuna kitanzi kimoja na marundo mawili, moja la matawi yaliyokamilika na jingine la alama zinazosubiri. Namba huenda moja kwa moja kwenye rundo la matawi. Alama, kabla ya kupanda kwenye rundo lake, humtazama aliyeko juu: ikiwa ana kipaumbele kikubwa zaidi, au kinacholingana na alama mpya ikiwa ni ya kufungwa kuanzia kushoto, basi yule wa juu hutolewa, huchukua matawi mawili na kuyaunganisha kuwa moja. Zoezi hilo hurudiwa mpaka asiwepo wa kutolewa.

Tufuate usemi wetu. 20 inaingia kwenye matawi, alama ya kutoa inaingia kwenye alama, 6 inaingia kwenye matawi. Inafika alama ya pili ya kutoa na kumkuta mwenzake juu. Vipaumbele vinalingana, kwa hiyo ya zamani inatolewa, inachukua 6 na 20 na kujenga tawi moja, na ile mpya inakaa mahali pake. 2 inaingia. Inafika alama ya kuzidisha, inaikuta ya kutoa ikiwa na kipaumbele kidogo, basi inaiacha na kukaa juu yake. 3 inaingia, na usemi umekwisha. Sasa alama zinatolewa kutoka juu: ya kuzidisha inaunganisha 2 na 3, ya kutoa inaunganisha yale matawi mawili yaliyobaki. Mti umekamilika.

Vipaumbele vimo katika jedwali, na alama mpya ni mstari mmoja wa jedwali hilo. Lakini kila kitu kinategemea neno "kinacholingana". Ukilisahau na kuandika "kikubwa zaidi" pekee, jibu linakuwa 20. Jambo jingine la kuangalia ni mpangilio wa kuchukua matawi: linalotoka kwanza ni la kulia. Ukiyageuza, tawi la 20 na 6 litatoa -14, ilhali majaribio ya kujumlisha na kuzidisha yatapita yote.

*Hasi na kipeo.* Kipeo hakisumbui, kwani unasema tu kwamba kinafungwa kuanzia kulia, na ule usawa haumtoi aliyeko juu. Alama ya hasi ndiyo yenye kazi. Kitanzi lazima kikumbuke hali moja kila wakati: kinasubiri namba, au kinasubiri alama? Kistari kikija wakati namba inasubiriwa, ni hasi, na kinapewa jina lake na kipaumbele chake. Hasi pia isimtoe yeyote inapoingia. Chukua `2 ^ -1`: ukiiruhusu hasi kukitoa kipeo kwa sababu kipeo kina kipaumbele kikubwa, kipeo kitatafuta matawi mawili na kukuta moja tu, na programu itaanguka.

*Makosa.* Hapa ndipo njia hii inapodai uangalifu kuliko zote. Ikiandikwa kama inavyoelezwa kwa kawaida, inayakubali maandishi `2 3 +` na kutoa 5 bila kulalamika, kwa sababu marundo hayajali namba na alama zilifika kwa utaratibu gani. Ile hali ya kukumbuka kinachosubiriwa, niliyoitaja kwa ajili ya hasi, ndiyo inayotibu na hili pia: namba ikija wakati alama inasubiriwa, ni kosa, nawe unajua iko nafasi gani. Kwa maoni yangu hali hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya njia tangu mwanzo. Fanksheni za hesabu zenye idadi tofauti ya vipengele, kama ile inayotafuta namba kubwa kati ya nyingi, nazo zinadai kihesabu chake cha pembeni, na hapo kitanzi huanza kujaa.

*Kina.* Marundo hukaa kwenye kumbukumbu ya kawaida, kwa hiyo mabano elfu kumi yaliyozamiana hayamtishi mtu. Hata hivyo, kuuchanganua usemi ni jambo moja na kuukokotoa mti ni jambo jingine. `1 + 1 + 1` ikiendelea mara 5000 inazaa mti unaoning'inia kushoto kwa ngazi 5000, na fanksheni ya kukokotoa inayojiita itakwama hapo hata kama uchanganuzi ulipita salama. Anayetaka jibu tu anaweza kuuacha mti kabisa na kuweka namba zilizokwisha kukokotolewa mahali pa matawi, na tatizo hilo linaondoka.

Njia hii inamfaa anayehitaji kikokotoo kidogo chenye alama chache, anayefanya kazi kwenye kifaa chenye nafasi finyu ya miito, au anayepokea semi kutoka kwa watu asiowajua.

## Nguvu za kushika za Pratt

*Sheria zinapokaa.* Vaughan Pratt aliichapisha njia hii mwaka 1973. Inachukua fanksheni zinazojiita kutoka njia ya kwanza na jedwali kutoka njia ya pili. Kila alama inapewa namba mbili, nguvu ya kushika kilichoko kushoto kwake na nguvu ya kushika kilichoko kulia. Huu ni mmoja wa miundo inayotumika kuiandika.

```
NGUVU = {"+": (10, 11), "-": (10, 11),
         "*": (20, 21), "/": (20, 21),
         "^": (41, 40)}

def usemi(kiwango=0):
    kushoto = mwanzo(soma())
    while sasa() in NGUVU:
        kwa_kushoto, kwa_kulia = NGUVU[sasa()]
        if kwa_kushoto < kiwango:
            break
        alama = soma()
        kushoto = (alama, kushoto, usemi(kwa_kulia))
    return kushoto
```

Ifikirie namba 6 katika usemi wetu. Iko kati ya alama mbili za kutoa, na kila moja inaivuta. Ya kwanza inaivuta kwa nguvu ya kulia, 11. Ya pili kwa nguvu ya kushoto, 10. Kumi na moja inashinda, basi 6 inabaki na 20. Namba 2 iko kati ya kutoa inayoivuta kwa 11 na kuzidisha inayoivuta kwa 20, basi inakwenda kwa kuzidisha. Hiyo ndiyo siri yote ya njia hii. Kipeo kina 41 na 40, kimegeuzwa, ndiyo maana kinafungwa kuanzia kulia.

Alama mpya ni mstari mmoja wa jedwali, na inaweza kuongezwa hata programu ikiwa inaendelea kufanya kazi. Gharama yake ni kwamba namba hazijielezi. Aliyechapa `(11, 10)` kwa alama ya kutoa hatapata ujumbe wowote wa kosa. Atapata 20 mahali pa 8.

*Hasi na kipeo.* Fanksheni `mwanzo` ndiyo inayopokea tokeni inayoanza usemi. Ikiwa ni namba, inarudisha namba. Ikiwa ni mabano ya kufungua, inaita `usemi(0)` na kudai mabano ya kufunga. Ikiwa ni kistari, inaita `usemi(30)` na kukanusha kilichorudi. Kwa hiyo kistari kinajulikana ni cha hasi au cha kutoa kwa mahali kilipokutwa tu, bila kukumbuka hali yoyote. Kwa kuwa 41 inashinda 30, `-2 ^ 2` inatoa -4. Katika Excel fomula `=-2^2` hutoa 4, na anayetaka kufuata desturi hiyo atabadilisha 30 kuwa 50, basi. Sijaona njia nyingine inayouweka uamuzi mzito kama huo katika namba moja.

*Makosa.* Hali ni kama ya mteremko: ujumbe mzuri unapatikana kwa urahisi ndani ya `mwanzo`, na mtego wa `2 + 3 ) * 4` upo vile vile.

*Kina.* Jozi ya mabano hupita miito miwili badala ya mitano, hivyo kikomo cha Python kinafikiwa karibu na mabano 500.

Njia hii inamfaa mwenye alama nyingi za ngazi nyingi, au anayetaka watumiaji wake wajitungie alama zao.

## Kuchagua kwa hali uliyo nayo

Kama ndiyo mara yako ya kwanza na alama zako ni zile nne za hesabu pamoja na mabano, anza na mteremko wa fanksheni. Makosa yake mengi yanaonekana kwa kuusoma msimbo tu, na ukikwama unaweza kufuata miito kwa kalamu na karatasi.

Kama semi zinatoka kwa watu usiowajua, au lugha unayotumia ina kikomo kidogo cha miito, chukua marundo mawili, lakini iandike ile hali ya "nasubiri namba, nasubiri alama" kabla ya kitu kingine chochote. Ukiwa unapenda mojawapo ya njia zinazojiita, weka kihesabu cha kina na ukatae usemi unaozidi mabano 100. Ni mistari michache tu.

Kama unajenga lugha kamili yenye masharti, vitanzi na semi za ngazi kumi au zaidi, si lazima uchague moja. Clang, programu inayotafsiri msimbo wa C na C++, hutumia mteremko wa fanksheni kwa sehemu kubwa ya lugha, kisha kichanganuzi chake kinapofika kwenye alama zenye pande mbili kinaingia kwenye kitanzi cha vipaumbele kinachofanana sana na kile cha Pratt. Mchanganyiko huo unaondoa fanksheni kumi na kitu ambazo zingekuwa zinaitana bure.

Kama tayari una kichanganuzi kinachofanya kazi na hujui kama ukibadilishe, kwanza kipe semi hizi sita.

```
20 - 6 - 2 * 3     8
2 ^ 3 ^ 2          512
-2 ^ 2             -4
2 ^ -1             0.5
2 3 +              kosa
2 + 3 ) * 4        kosa
```

Kikipita zote, kiache kilivyo, mradi desturi ya -4 ndiyo uliyoikusudia. Kikitoa 20 katika mstari wa kwanza au 64 katika wa pili, tatizo ni mwelekeo wa kufunga, au mpangilio wa kuchukua matawi ikiwa unatumia marundo, na linarekebishika kwa mstari mmoja katika njia zote tatu. Kikishindwa katika wa nne na unatumia marundo, itazame hasi inamtoa nani inapoingia. Kikishindwa katika miwili ya mwisho, hakikisha kwanza kwamba tokeni zote zimekwisha kabla ya kurudisha mti, na ikiwa unatumia marundo, kwamba ile hali ya "nasubiri namba, nasubiri alama" imo.